Aya ya Mwisho ya Habari ya Kihamba

Kiti changu kilikuwa upande wa ukutani, na ili nitoke ilibidi watu wanne wasimame. Ndivyo ulivyo usahihishaji wa mkanda. Meza za bwalo huunganishwa ziwe moja ndefu, walimu hukaa pande zote mbili bega kwa bega, kila mmoja na swali lake, na karatasi ya mtahiniwa hutembea kutoka mkono hadi mkono mpaka iwafikie wanaojumlisha. Ukisimama, karatasi zinamrundikia jirani yako. Kwa hiyo husimami. Unajifunza kunywa maji kidogo na kukunja miguu upande mmoja, kisha mwingine, huku kalamu nyekundu ikiendelea kutembea.

Ulikuwa mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne, ambao sisi walimu tunauita moko. Tulikusanywa katika shule moja ya bweni mjini Moshi, wakati wanafunzi wake wako likizo. Simu zetu zilizimwa na kuwekwa kwenye beseni la plastiki karibu na mlango. Madirisha yalikuwa na nondo, na jua la saa nne lilipita katikati yake likatuchorea mistari mezani, likatuchora na mikononi. Geti lilifungwa. Hakuna aliyetukataza kutoka, ila kila mtu alijua kwamba hatatoka.

Mimi hufundisha Kiswahili katika shule ya kutwa huko juu, Kilema. Jioni huandika riwaya, na Jumamosi hushuka mjini kukutana na wenzangu tunaosomeana tulichoandika na kugombana kwa furaha juu ya koma moja. Lakini asubuhi ile sikuwa mwandishi wa chochote. Nilikuwa mwalimu ambaye darasa lake lilikuwa limefanya mtihani huohuo, na mkuu wangu wa shule alikuwa ameniambia kabla sijashuka: "Atakayepata F ya Kiswahili haingii kambini. Vitanda havitoshi, lazima nichague."

Kambi ni miezi ya mwisho kabla ya mtihani wa taifa, ambapo wanafunzi wetu wa kutwa hulala shuleni, husoma baada ya chakula cha jioni, na hawana kazi nyingine. Kwa mvulana ni nafasi nzuri. Kwa msichana wa huku kwetu ni zaidi ya hapo, kwa sababu nyumbani kuna ng'ombe aliyefungwa zizini, na ng'ombe aliyefungwa huletewa majani, na majani yako mbali, chini tambarare. Nilikuwa na wasichana watatu ambao Kiswahili chao kilikuwa kinaning'inia ukingoni mwa D. Mmoja wao alikuwa akifika darasani na mbegu za nyasi kwenye sweta, akisinzia huku macho yake yako wazi. Alama moja ingemwingiza. Alama moja ingemtoa.

Tulikuwa wawili kwenye swali la ufupisho, mimi na mwalimu mmoja kutoka Himo, mtu mnene mwenye mzaha, aliyeketi kushoto kwangu na kiwiko chake juu ya nafasi yangu. Kanuni ni kwamba husahihishi shule yako. Bahasha yetu ikifika, ingepita kwake.

Kiongozi wa jopo letu alikuwa mwalimu wangu. Nasema wangu kwa maana halisi, kwa sababu ndiye aliyenifundisha Kiswahili nilipokuwa kidato cha pili. Sasa alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Mwenyeji wa Masama, mwembamba, kitambaa kichwani, miwani imening'inia kwa kamba. Nilipomwamkia shikamoo alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Marahaba, mwanangu. Leo tuko sawa, sote ni wasahihishaji." Hatukuwa sawa. Yeye ndiye aliyetunga swali letu, na mwongozo wa usahihishaji ulikuwa kwa mwandiko wake.

Habari yenyewe ilihusu kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, ambako kila kitu kinaishi juu ya kingine. Aya ya kwanza ilieleza jinsi migomba inavyotia kivuli kahawa. Ya pili, jinsi ng'ombe anavyokula majani na vigogo vya migomba, na migomba ikala samadi yake. Ya tatu, jinsi maji ya mfereji yanavyogawanywa kwa zamu. Aya ya nne ilikuwa fupi, naikumbuka yote:

"Kila asubuhi mama mmoja mzee huteremka tambarare kukata majani ya ng'ombe, kisha hupanda nayo kichwani. Amezaa wana watano. Nyumba zao tano nzuri zimeizunguka migomba yake, zote zimefungwa kwa kufuli. Kihamba ni urithi wetu, na hatuna budi kuutunza."

Mtahiniwa alitakiwa kufupisha habari hiyo kwa maneno yasiyozidi themanini. Alama kumi. Hoja kuu nne, kila moja alama mbili kama ameieleza kwa maneno yake, alama moja kama ameinyanyua sentensi nzima kutoka kwenye habari, sifuri kama ameleta mfano au jambo lisilokuwamo. Alama moja ya mtiririko, alama moja ya kutozidisha maneno. Yakizidi, unapiga mstari pale yanapofikia themanini, na yaliyobaki huyasomi, hata kama ndimo alimoweka roho yake.

Kabla ya kuanza tulisahihisha nakala za karatasi moja, sote, kisha tukataja alama tulizotoa. Mmoja alitoa tisa. Mwingine tatu. Ndiyo maana ya zoezi hilo, kuoneshana jinsi tulivyo mbali. Tukabishana mpaka tukakaribiana. Je, mtahiniwa akibakiza maneno "kihamba", "kahawa", "zamu", amenakili? Hapana, hayo ni majina ya vitu, hayana mbadala. Na aliyebadilisha neno mojamoja, "hutia" akaandika "huweka", "kivuli" akaandika "giza", lakini sentensi imesimama kwa miguu ileile? Huyo amenakili, tena ameharibu. Kiongozi wetu alisema kwa upole, "Maneno yake maana yake ni kwamba ameelewa, akaweka kitabu chini, akasema. Siyo ameifumua nguo na kuishona upya kwa uzi uleule." Hoja ya nne kwenye mwongozo ilikuwa: kihamba ni urithi unaopaswa kutunzwa. Tulinyoosha mikono kuupitisha mwongozo. Na mimi nikanyoosha.

Karatasi zikaanza kutembea.

Mtu ambaye hajasahihisha ufupisho hajui upweke wake. Unasoma jambo lilelile mara mia, na kila mara lazima ulisome kana kwamba hujawahi kulisikia. Kuna aliyekata sentensi ya kwanza ya kila aya na kuziunganisha kwa "pia". Kuna aliyeandika habari nzuri sana ya kihamba cha babu yake, yenye ndizi za aina ambazo habari haikuzitaja, na ukampa sifuri ukiwa na mate mdomoni. Kuna aliyehesabu maneno yake kwa penseli, vinukta vidogo juu ya kila neno, kama nyayo za siafu. Kalamu yangu ilienda. Urithi, mbili. Urithi, moja. Urithi, mbili.

Ndipo nikaifikia karatasi moja, ya shule nisiyoijua, mwandiko umelala upande wa kushoto. Hoja tatu za kwanza zilikuwa safi. Ya nne ilisema: "Wenye nguvu wamehama, na kazi imebaki juu ya vichwa vya wazee."

Niliisoma tena. Hakumtaja mama. Hakutaja nyumba wala kufuli. Hakuna hata neno moja la aya ile alilolichukua, na bado aya yote ilikuwamo. Alikuwa amemtazama mwanamke mmoja na kuona wengi nyuma yake.

Kwa mwongozo, ilikuwa sifuri.

Nilishika kalamu juu ya karatasi. Kulia kwangu ukuta, kushoto kiwiko cha mtu wa Himo.

"Mwandishi, umelala?" akaninong'oneza. "Mzigo unakuja huo."

"Subiri kidogo, kaka."

"Mkanda hausubiri, dada. Ungekuwa unasubiri, mimi ningekuwa nimeshaenda kukojoa."

Nikaiweka pembeni, nikachukua nyingine. Baada ya chache nikakuta tena: "Vijana wamewaachia wazazi mashamba." Shule nyingine kabisa. Kisha nyingine. Si wengi, mmoja katikati ya kundi zima la urithi, lakini waliendelea kuja, kama watu wanaofika kwenye msiba mmojammoja bila kuitana. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza kuhusu aya ya nne."

Kalamu zikasimama meza nzima. Harufu ya wali ilikuwa imeshaingia kutoka jikoni, na niliona watu wakitazama mlango kabla ya kunitazama mimi.

"Uliza," alisema kiongozi wetu.

Nikasoma ile ya wenye nguvu wamehama.

"Ameitoa wapi hiyo?" akauliza mwalimu mmoja wa upande wa pili.

"Kwa yule mama."

"Mama ni mfano," alisema kiongozi. Sauti yake haikupanda. "Na kwenye ufupisho, mfano tunaufanyaje?"

"Tunauachaaa!" meza nzima ikaitikia, kama darasa, na watu wakacheka.

Nilicheka nao kidogo, kisha nikasema, "Lakini Mwalimu, hakuandika mfano. Ameandika jambo ambalo mfano unalionyesha. Hayo ni mawili."

"Jambo hilo limeandikwa mstari gani? Nionyeshe."

"Halina mstari."

"Basi umelitunga. Na wewe kutunga tunakujua."

Wakacheka tena. Nikasema haraka, kabla ujasiri haujaisha, "Tuijaribu aya yenyewe. Tukiifuta sentensi ya urithi, aya bado inatuambia kitu. Tukimfuta mama, inabaki nini? Inabaki wito tu, kama mwisho wa hotuba. Urithi si hoja ya aya hii. Umewekwa juu yake kama kifuniko."

"Na kifuniko cha sufuria ya wali kimeshafunuliwa," alisema mtu wa Himo, "na wali unapoa. Mwandishi, tuhurumie."

Kiongozi alivua miwani. Nilimwona akiitazama karatasi yake, ile aya, kwa muda ambao haukuhitajika kwa mtu aliyeiandika mwenyewe. Kisha akasema, "Mwongozo ulipitishwa asubuhi. Na mkono wako ulikuwa juu. Tunaendelea."

Tukaenda kula. Nilikula nikiwa nimeinamia sahani.

Baada ya chakula bahasha ya shule yangu ilifika. Niliijua kwa namba ya kituo. Niliisogeza kushoto bila kuifungua, nikaendelea na kazi, lakini masikio yangu hayakuwa yangu tena. Nilisikia kalamu ya mtu wa Himo ikipiga vema, ikitulia, ikipiga. Alikuwa hapaswi kusema kitu, na kwa hiyo akasema.

"Watoto wa Kilema umewafundisha, dada. Hawanakili. Urithi wameupaka rangi kila mmoja ya kwake. Sikia huyu: 'Ardhi tuliyoachiwa na mababu inatudai ulinzi.' Mbili kamili. Karibu wote urithi, mbilimbili."

"Kaka, usiniambie."

"Sijakwambia. Nimejisemea."

Wako salama, niliwaza. Wale watatu wako salama. Na nikashukuru, kwa siri na kwa aibu, kwamba mchana nilikuwa nimeshindwa.

Jioni tulirudishiwa simu. Walimu walitawanyika uwanjani, kila mmoja akiongea na nyumba yake, wakizungukazunguka kama kuku waliofunguliwa kamba. Nilikaa kwenye ngazi za bwalo na kikombe cha chai. Kiongozi wetu alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, amenipa mgongo, simu sikioni.

"Umemkatia ng'ombe leo? ... Mwenyewe umeshuka? Na goti lako hilo? ... Aika, asante sana. Kesho mwambie yule kijana wa jirani, nitampa kitu nikirudi. ... Ndiyo, najua. Ng'ombe hajui kuna mtihani." Akasikiliza. "Wao? Mkubwa alipiga Jumapili. Anasema Desemba watapandisha wote nyumbani. ... Ndiyo, ameweka na geti jipya."

Akakata simu. Akageuka, akanikuta pale, kikombe mkononi, na hapakuwa na mahali pa kuyapeleka macho yangu. Nilijua yule mama wa aya ya nne ni nani. Yeye naye akajua kwamba nimejua. Wana wangapi, sikuuliza.

Alikuja akaketi kwenye ngazi, taratibu, akikunja gauni chini ya magoti.

"Mchana nilikukatisha," alisema. "Ulitaka kusema nini?"

Ningeweza kusema, hakuna, Mwalimu. Sentensi hiyo ilikuwa tayari mdomoni. Ingetosha. Mwongozo ungebaki ulivyo, mababu wangeendelea kudai ulinzi kwa alama mbilimbili, wasichana wangu watatu wangebeba magodoro yao kuingia kambini, na mwanamke huyu angelala usiku ule akiwa bado na mfano wake, mama mmoja mzee asiye na jina, asiyemhusu. Sijui kwa nini sikusema hivyo. Pengine ni kwa sababu alikuwa ameniuliza kama alivyokuwa akiniuliza zamani, akisubiri kweli jibu.

"Kuna mtahiniwa ameandika hivi," nikasema. "Wenye nguvu wamehama, na kazi imebaki juu ya vichwa vya wazee."

"Isome tena."

"Siyo ya kusoma, Mwalimu. Nimeishika kichwani."

Nikairudia. Alitazama uwanjani, kule mtu wa Himo alipokuwa akicheka na simu yake.

"Hajanakili," alisema mwishowe.

"Hajanakili."

"Mimi sikuandika hivyo."

"Uliandika, Mwalimu. Ila hukuiandika kwa sentensi."

Kisha akainuka, akajishika kiuno, akasema, "Hawa watoto wanasoma hata mahali ambapo mtu amefunga mlango," akaenda zake bwenini.

Asubuhi alisimama mbele yetu kabla bahasha hazijafunguliwa. Alikuwa na mwongozo mkononi na sentensi moja imekatwa kwa kalamu nyekundu.

"Nimefanya marekebisho kwenye swali la ufupisho," alisema, kwa sauti ya kusoma tangazo. "Hoja ya aya ya nne ni hii: utunzaji wa kihamba umebaki kwa wazee kwa kuwa vijana wameondoka. Atakayeieleza kwa maneno yake, mbili. Anayemtaja mama na wanawe bila kupanda kwenye hoja ya jumla, huyo kaleta mfano, sifuri. Urithi si hoja. Karatasi zote zilizokwisha zinarudi."

Bwalo lilinguruma. Mtu wa Himo aliweka kichwa mezani. "Mwandishi," alisema kutoka humohumo mezani, "nyumbani kwangu nitakutaja kwenye sala."

Yule mwalimu wa upande wa pili alinyoosha mkono. Alikuwa mtu wa haki. "Kiongozi, basi tukubali zote mbili. Mwenye wazee apewe, na mwenye urithi kwa maneno yake naye apewe. Hatutaumiza mtu."

Ndiyo, niliwaza, ndiyo, semeni ndiyo.

Kiongozi alinigeukia. Hakunitazama kwa ukali, na hilo ndilo lililonibana zaidi. "Aya moja, hoja moja. Lakini jana kuna aliyeipima aya hii mbele yetu. Mwalimu, urithi ni hoja au si hoja?"

Meza nzima ilinitazama. Ukuta ulikuwa kulia kwangu. Kushoto kwangu, chini ya kiwiko cha mtu wa Himo, ilikuwapo bahasha ya Kilema, na ndani yake sentensi nzuri, za uangalifu, ambazo nilikuwa nimezifundisha kwa mwaka mzima. Soma, funika, sema kwa kinywa chako. Walifanya hivyo. Walisema kwa vinywa vyao jambo ambalo halikuwa hoja. Kubadilisha maneno niliwapa. Jinsi ya kuchagua cha kubadilisha, sikuwa nimewafikisha, kwa sababu na mimi nilikuwa sijafika mpaka jana.

Ningesema ni hoja, mwalimu wangu peke yake angebaki amesimama na mlango wake wazi mbele ya watu wote, ameufungua bure.

"Si hoja," nikasema.

"Tuendelee," alisema.

Karatasi zikarudi mwanzo wa mkanda. Zile tatu nne nilizokuwa nimeziweka pembeni zilipata alama zao, na nilipoandika mbili chini ya wenye nguvu wamehama, nilifurahi, sikatai. Sijui mtoto yule ni nani, wala hatajua. Kisha mtu wa Himo akafungua bahasha ya Kilema.

Nilitamani atanie. Nilisikia kalamu yake ikikata mbili na kuandika sifuri, sauti mbili ndogo, mkwaruzo na mviringo, mkwaruzo na mviringo. Baada ya muda akasimama kidogo.

"Dada."

"Endelea, kaka."

"Kuna mmoja alikuwa na saba..."

"Usiniambie."

Akasogeza kiwiko chake kutoka kwenye nafasi yangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tulipoketi. Akaendelea.

Matokeo yalikuja wiki iliyofuata. Wawili kati ya wale watatu waliponea, sijui kwa swali gani. Yule wa mbegu za nyasi alikosa kwa alama moja. Nilimfuata mkuu wa shule ofisini, nikamweleza yote, kuanzia aya ya nne mpaka marekebisho. Alinisikiliza vizuri.

"Kwa hiyo alama alizokatwa, alikatwa kwa haki?" aliuliza.

"Kwa haki, ndiyo."

"Na aliyesema zikatwe ni nani?"

Akanisogezea orodha ya kambi.

"Mwalimu, nikimwingiza yeye, walio na F wengine wazazi wao watakuja hapa kesho. Vitanda ni vilevile."

Ijumaa ya kuanza kambi niliwapa kidato cha nne habari ileile ya kihamba, waifupishe upya. Sikuwaambia kitu kuhusu aya ya mwisho, ila niliwataka wamsome kila mtu aliyetajwa na wajiulize ametajwa kwa sababu gani. Waliandika kimya. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mibuni ya shule. Yule msichana alikuwa wa kwanza kumaliza, akaniletea mezani, akasimama kusubiri.

Nilihesabu maneno. Yalitimia. Nilisoma hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilisema: "Nyumba hujengwa na walioondoka, lakini ng'ombe hulishwa na aliyebaki."

Niliandika kumi juu ya karatasi, nikaizungushia duara.

Aliitazama ile kumi. "Mwalimu, hii nayo inajumlishwa?"

"Hapana," nikasema. "Haijumlishwi."

"Haya, asante, Mwalimu." Akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni mwa sweta, na kwa kuwa saa zilikuwa zimekwenda na tambarare ni mbali, akaniomba ruhusa atoke mapema. Nikampa. Nilimwangalia kupitia dirishani akishuka kuelekea getini, akipishana na wadogo wa wenzake waliokuwa wakipanda wakiwa na magodoro ya kambi kichwani, akiwapisha pembeni ya njia, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote wakapita.